Mguu mmoja ukiwaka moto, msianzie kwa diklofenaki

Hapa Goma mtu akishikwa na homa, nyumbani wanasema malaria. Farmasi ya kona inamuuzia dawa ya malaria na diklofenaki ya maumivu, na hakuna anayemwambia avue kiatu, ionekane kama ni selulitisi, yaani maambukizi ya vijidudu ndani ya ngozi. Mimi ni muuguzi, na zoea hili linaniumiza.

Kijana mmoja msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, alikwaruzwa kifundo cha mguu na jiwe la volkano. Jeraha lilikuwa dogo, akaendelea na kazi. Siku ya tatu alitetemeka kwa baridi, homa ikafika 39. Mguu wa kulia ulikuwa umevimba hadi karibu na goti, ngozi imekazika inang'aa, ukiigusa ni moto. Wekundu haukuonekana: kwenye ngozi nyeusi kama yake, sehemu hiyo hugeuka zambarau au kuzidi weusi. Ndiyo maana nasema tumia mkono, linganisha joto la miguu yote miwili.

Jirani alisema amekanyaga sumu, achanjwe kwa wembe. Mama yake alikataa, na aliokoa mengi, maana kila chale ni mlango mpya wa vijidudu. Kipimo cha malaria kilikuwa hasi. Hata kingekuwa chanya, malaria haivimbishi mguu mmoja. Angetibiwa yote mawili.

Vijidudu vya selulitisi, hasa streptokoki na stafilokoki, huingia penye mkwaruzo na kusambaa ndani ya ngozi na mafuta yaliyo chini yake. Vikifika kwenye damu, presha hushuka na figo huanza kushindwa. Vikizama zaidi, nyama hufa. Hapo maumivu huwa makali kuliko ngozi inavyoonyesha, kisha yanatokea malengelenge, weusi, ganzi. Antibiotiki peke yake haitoshi tena. Lazima daktari mpasuaji aondoe nyama iliyokufa siku ileile. Diklofenaki hufunika uvimbe pamoja na maumivu na homa, dalili zenyewe ambazo zingetuonya. Sisi tulimpa parasetamoli, ambayo haifichi uvimbe.

Tulichora kwa kalamu ukingo wa uvimbe, tukaandika saa. Kwa sababu ya homa, antibiotiki ya kloksasilini ilipitia kwenye mshipa. Asiye na homa, mwenye eneo dogo, kwa kawaida humeza vidonge siku 5 hadi 7. Mguu uliinuliwa juu ya mito, kwa sababu maji yasipoteremka uvimbe haupungui. Kesho yake weusi ulikuwa umevuka mstari kidogo, mama akaogopa. Jambo hilo hutokea siku ya kwanza, na homa ilikuwa tayari inashuka. Kama saa 48 zingepita homa bado ipo, tungetafuta usaha, au maradhi mengine kama damu iliyoganda kwenye mshipa wa mguu.

Katikati ya vidole tulikuta fangasi na nyufa. Aliondoka na krimu yake pia, kwa sababu nyufa hizo zikibaki wazi, ugonjwa hurudi kwenye mguu uleule.