Mama yuko eda, nyinyi mwataka mtoto alete mzazi

Juzi jirani yangu hapa Kisauni kanionyesha barua ya shule nikapandwa na hasira mpaka chai ikanipoea mkononi. Mwanawe wa gredi ya 5 kafiwa na babake, tuktuk iligongwa na lori, maiti ikazikwa siku ile ile baada ya alasiri, matanga siku tatu, mtoto akarudi shule. Haijatimia hata mwezi barua hii hapa: hamalizi kazi, anatoka toka darasani, aje na mzazi. Mzazi gani jamani? Babake yuko makaburini na mamake yuko eda, miezi 4 na siku 10, na hilo mwalimu alijua manake kwenye hitma alikuja na pilau akala.

Basi tukaenda mimi na ami yake. Na niseme ukweli hata kama sipendi kuusema, yule tichaa si mtu mbaya, kijana tu, darasa limejaa mpaka madirishani, na hakuna aliyemfundisha mambo haya. Lakini nilipomuuliza huyu mtoto anatoka saa ngapi, hajui. Anatoka toka tu. Nikamuuliza anasemaje akitaka kutoka, akasema ah, tumbo, kila siku tumbo, lakini brek anacheza mpira na anacheka, huyu ananichezea akili mwalimu mwenzangu.

Hapo ndipo walimu wengi wanapopotea. Mtoto haombolezi kama sisi watu wazima tunaokaa mkekani kutwa. Huzuni yake inakuja na kuondoka, sasa hivi yuko mbio na mpira na baada ya nusu saa analia kwa sababu penseli imevunjika, na yote mawili ni kweli. Kucheka kwake si uongo na tumbo lake si uongo pia, huzuni kwa watoto inaingia mwilini, tumbo, kichwa, usingizi.

Nikamwomba kitu kimoja tu, kwa wiki moja aandike kwenye daftari saa, alichokiona na alichokisikia, basi, asiandike ana stresi wala ana kiburi. Akanuna kidogo, eti kazi ya ziada. Lakini akaandika, na ile daftari ikasema yenyewe. Asubuhi mtoto yuko sawa, hesabu anafanya. Tumbo linaanza saa nane na kitu mchana, siku zote, na likimshika anaomba kutoka anakwenda kusimama kwenye ukuta wa upande wa geti. Sasa nani alikuwa akimchukua shule saa tisa? Babake, na tuktuk. Ile barabara nje inapita tuktuk kila dakika, na kadiri saa inavyosogea yule mtoto anasikia hizo honi kuliko anavyomsikia mwalimu wa sayansi.

Dawa ya sehemu hiyo ilikuwa ndogo na ilikuwa ndani ya uwezo wa mwalimu kabisa. Ami akamwambia mtoto kila asubuhi nani atamchukua na watasimama wapi, na akishindwa kufika anapiga simu shule kabla ya saa nane. Mtoto akahamishiwa dawati la karibu na mlango, wakakubaliana akiweka rula juu ya kitabu anaruhusiwa kutoka bila kuuliza mbele ya watu, anakwenda kwa madamu wa maktaba, dakika kumi anarudi. Kazi ya nyumbani ikapunguzwa, haikufutwa. Hapo nasisitiza, ukimfutia kila kitu unamwambia kwamba yeye si mwanafunzi tena, ni yatima wa kuonewa huruma, na watoto wanalijua hilo jicho.

Na tafadhali hii tabia ya kumsimamisha mtoto paredi shule nzima imwambie pole, iacheni. Darasa linaambiwa kabla hajarudi, maneno mawili matatu, baba wa mwenzenu amefariki, msimuulize uliza, chezeni naye kama kawaida. Semeni amefariki, msiseme amelala wala kasafiri, manake wale wadogo wa chekechea wanaamini aliyesafiri atarudi, na aliyeambiwa baba kalala anaogopa kulala yeye. Na ile ya kumwambia mtoto jikaze wewe mwanamume, hiyo hata sijibu.

Tumbo lilipungua. Halikwisha, na wiki ya pili ndio likatoka la ndani. Mtoto kamwambia mwalimu wakiwa wanapanga vitabu, mwalimu nikikwambia kitu hutamwambia mtu? Hapa ndipo mpaka wa mwalimu ulipo. Usiseme sitamwambia mtu. Ahadi hiyo huiwezi, na ukija kuivunja umemfia mara ya pili. Namshukuru yule tichaa alijibu vizuri, akamwambia nitakusikiliza, na kama ni jambo la kukulinda itabidi nimwambie mtu mmoja wa kutusaidia na wewe utamjua ni nani. Mtoto akasema yeye ndiye aliyemwambia babake siku ile aje mapema, angenyamaza baba asingekuwa barabarani saa ile.

Mwalimu akamwambia ajali haikutokana na wewe, kumwita baba si kosa. Akanyamaza. Hakuuliza uliona nini, damu ilikuwa wapi, unaota nini usiku. Sisi walimu tukiona kidonda tunataka kukifunua mpaka mwisho na hatuna hata pamba ya kukiziba, kengele inalia tunakwenda gredi ya 6 na mtoto tumemwacha wazi. Kusikiliza ni kwako, kutibu si kwako. Mtoto anayejilaumu kwa kifo, anayeshtuka na kukwepa kila kitu kinachomkumbusha, au anayezidi kudorora wakati wenzake wa msiba kama wake wanainuka, huyo anakwenda kwa kaunsela. Na akisema anataka kumfuata babake, ni siku hiyo hiyo na haachwi peke yake hata chooni, usingoje kikao cha walimu. Kuna watu wanasema subiri miezi 6 kwanza. Hiyo miezi ni ya daktari kutoa jina la ugonjwa wa huzuni isiyokwisha, si ya kungoja msaada.

Ruhusa ya mzazi je? Eda haizuii mgeni wa kike kubisha hodi. Madamu wa ushauri nasaha alikwenda nyumbani baada ya asri, akakaa na mama, akamsomea ile daftari, saa na maneno. Mama alilia lakini alikubali, angeambiwa mwanao ana matatizo ya akili angefunga mlango, manake hapa Mombasa ukitaja tu hospitali ya Portreitz, kunakotibiwa wagonjwa wa akili, mtu anadhani umemwita mwanawe mwendawazimu. Barua ya kumpeleka ilikuwa nusu ukurasa: kilichotokea, kilichoonekana, kilichosemwa kwa maneno ya mtoto, kilichojaribiwa na kilichosaidia. Kama shule yenu haina mtu wa hivyo, namba 116 ya Childline ni bure na mwalimu pia anaweza kupiga, si mtoto tu.

Sasa mtoto anamwona kaunsela, na walimu wenzake yule tichaa kule stafurumu wameshaanza, ehe amesema nini huko, mama anaolewa lini. Hayawahusu. Kaunsela hatawaambia na akiwaambia basi hafai. Muulizeni moja tu, darasani tufanyeje? Akisema abaki dawati la mlangoni, abaki dawati la mlangoni, halafu endeleeni na chai yenu na mambo ya Arsenal.