Biskuti Nne za Shangazi

Jumamosi iliyopita nilikwenda Ujiji kumjulia hali shangazi yangu, ambaye tangu mwaka jana yuko kwenye dawa za presha na ameagizwa kliniki apunguze chumvi. Nilikuta chai imeshamiminwa, na kando ya birika kuna paketi ya biskuti za chumvi iliyofunguliwa hadi katikati. Kabla sijasema neno aliniwahi: "Usinitazame hivyo, mwanangu. Nimesoma nyuma kabla sijanunua. Hii ina 150, ile nyingine ina 550. Nimechukua ndogo."

Nilitaka kumpongeza, kwa sababu ni wachache mno katika ukoo wetu waliowahi kugeuza paketi kutafuta kitu kingine zaidi ya tarehe ya kuisha muda. Kisha nikaichukua paketi, nikaipeleka mlangoni penye mwanga, nikasoma. Kweli, sodiamu ilikuwa miligramu 150. Lakini juu ya jedwali, kwa herufi ambazo ilibidi nizipige picha kwa simu na kuzikuza ndipo nizione, kulikuwa na maelezo kwamba namba zote zile ni za mgawo mmoja, na kwamba mgawo mmoja ni gramu 20, yaani biskuti nne. Siku ya pili nilipita dukani alikonunua nikaitazama ile paketi aliyoikataa. Ilikuwa na sodiamu miligramu 550, ndiyo, lakini kwa gramu 100. Shangazi alikuwa amelinganisha kikombe na ndoo, na wala kosa halikuwa lake.

Naomba tuitazame hiyo migawo, kwa sababu hapo ndipo hasira yangu ilipo. Ni nani aliyekaa mezani akahesabu biskuti nne, akafunga paketi, akaondoka? Paketi yenyewe ina gramu 120, na ndani mna biskuti 24, hivyo kila moja ina uzito wa gramu 5. Mtengenezaji anatuomba tuamini kwamba paketi hiyo, ambayo mtoto wa darasa la tatu huimaliza kati ya shule na nyumbani, ni chakula cha watu sita. Akiamua kesho kwamba mgawo ni biskuti mbili, ile 150 itashuka hadi 75 bila mtu yeyote kupunguza hata punje moja ya chumvi kiwandani, na shangazi yangu atapiga hatua nyingine kubwa ya kiafya kwenye karatasi. Mgawo ukiwa mdogo vya kutosha, hata kisichokuwa sifuri huandikwa sifuri: Marekani, kwa mfano, sukari iliyo chini ya nusu gramu kwa mgawo inaruhusiwa kuandikwa kuwa hakuna.

Dawa yake ni hesabu ya darasa la tano. Unachukua namba ya mgawo, unaigawa kwa uzito wa mgawo huo katika gramu, kisha unazidisha kwa 100. Kwa paketi ya shangazi, 150 gawanya kwa 20 ni 7.5, na ukizidisha kwa 100 unapata miligramu 750. Asiyependa kugawanya anaweza kujiuliza tu mgawo unaingia mara ngapi ndani ya 100: wa gramu 20 unaingia mara tano, wa gramu 25 mara nne, wa gramu 50 mara mbili, na wa gramu 30 mara tatu na theluthi, ambao ndio pekee unaosumbua kidogo ukiwa umesimama mbele ya muuza duka mwenye haraka. Sasa vikombe viwili viko sawa: paketi aliyoinunua ina 750, aliyoikataa ina 550. Namba ndogo ilikuwa kwenye paketi yenye chumvi nyingi.

Bado hatujafika, kwa maana jedwali lilitaja sodiamu, na kliniki walisema chumvi. Chumvi ya mezani ni sodiamu na klorini kwa pamoja, na ili kupata uzito wa chumvi kutokana na sodiamu unazidisha kwa 2.5. Miligramu 750 za sodiamu zinakuwa miligramu 1,875, yaani karibu gramu 1.9 za chumvi katika kila gramu 100 za biskuti. Zile nyingine zinakuwa na kama gramu 1.4. Ni vyema kulijua hilo mapema, kwa sababu bidhaa zinazotoka Ulaya huandika chumvi moja kwa moja kwa gramu, nyingine huandika sodiamu kwa miligramu, na mtu akizipanga pamoja bila kuzidisha ataamini kwamba 1.9 ni ndogo kuliko 150. Waingereza, ambao huwashauri watengenezaji wao kuweka rangi kama za taa za barabarani mbele ya paketi, huipa rangi nyekundu bidhaa yenye chumvi inayozidi gramu 1.5 kwa gramu 100, na kijani isiyozidi gramu 0.3. Kwa kipimo hicho biskuti za shangazi ni nyekundu na zile alizoziacha dukani ni za njano, japo zimeukaribia wekundu kwa unywele.

Nilimweleza yote hayo kwa simu jioni ile. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kuwa la kwanza kwangu: "Sasa mimi nakula ngapi?"

Anakula sita asubuhi na sita jioni, kwa chai. Biskuti kumi na mbili ni gramu 60, ambazo ni migawo mitatu na wala si mmoja. Tatu mara 150 ni miligramu 450 za sodiamu. Ukizidisha kwa 2.5 unapata kama gramu 1.1 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi kisichojaza kijiko kimoja cha chai. Biskuti peke yake zimekwisha kula zaidi ya sehemu moja ya tano ya hiyo, kabla ya mboga, kabla ya ugali kupata kitoweo, na kabla ya samaki wa chumvi anayenunuliwa bila lebo yoyote wala mtu wa kumwuliza. Kama angekula uzito uleule wa zile nyingine, angepata kama gramu 0.8.

Shangazi akacheka. "Kwa hiyo umenipigia simu kwa ajili ya hizo tatu za nukta?"

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ana hoja. Kubadilisha paketi kungempunguzia gramu 0.3, na kula sita badala ya kumi na mbili kungempunguzia karibu gramu 0.6. Safu ya gramu 100 inakuambia ni bidhaa ipi yenye chumvi zaidi. Haikuambii umekula chumvi kiasi gani, na kwa hilo la pili huna budi kurudi kwenye uzito wa kile kilichoingia mdomoni mwako. Mkate unaonyesha vizuri. Mkate wenye gramu 1 ya chumvi kwa gramu 100 unaonekana mpole mbele ya biskuti zenye 1.9, lakini vipande vinne vya gramu 35 kila kimoja vinafika gramu 140, na chumvi yake ni gramu 1.4, zaidi ya ile ya biskuti kumi na mbili.

Kinyume chake kipo pia. Chukua kile kipande kidogo cha kiungo cha mchuzi kinachofungwa kwenye karatasi ya kung'aa. Kama nusu ya uzito wake ni chumvi, jedwali la gramu 100 litasema gramu 50, namba ya kumtoa mtu mbio, ilhali hakuna anayekula gramu 100 za kitu kile. Kipande cha gramu 4 kina gramu 2 za chumvi, na kikiingia kwenye sufuria ya watu watano kila mmoja anapata gramu 0.4. Hapo mgawo ndio unaosema kweli, mradi mpishi asiongeze kipande cha pili na kijiko cha chumvi juu yake, jambo ambalo katika jiko la shangazi sitaki kulijadili. Maziwa ya unga nayo usiyalinganishe na ya maji kwa gramu 100, kwa sababu moja limekaushwa na jingine ni maji kwa sehemu kubwa.

Kwa hiyo sisemi mgawo ufutwe. Ninachokipinga ni jedwali lenye safu ya mgawo peke yake. Mwongozo wa Kodeksi, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, kuhusu lebo za virutubishi, ambao upo tangu mwaka 1985, unataka namba za gramu 100 au mililita 100, na unaruhusu za mgawo ziongezwe. Lakini unaziachia mlango nchi zilizozoea migawo ziandike mgawo peke yake. Ulaya, kwa kanuni yao ya mwaka 2011, gramu 100 ni lazima. Marekani wanatumia mgawo, ila kwao ukubwa wake hautungwi na kiwanda: serikali imeweka vipimo kwa kila aina ya chakula, kwa kufuata kiasi ambacho watu hula kwa kawaida. Rafu moja ya duka la Kigoma inabeba bidhaa zilizoandikwa kwa desturi hizi zote kwa pamoja, na mnunuzi ndiye anayeachiwa kazi ya kuzipatanisha, bila kikokotoo, akiwa na mtoto mgongoni. Safu ya pili haimgharimu mtengenezaji hata nusu sentimita ya karatasi. Nafasi ya kuchora ngano inayopepea kwenye upepo huwa ipo siku zote.

Shangazi hajaacha biskuti. Amehamia zile za 550, na amechukua kopo la zamani la maziwa ambamo kila asubuhi anahesabu sita za siku nzima, kisha paketi anamkabidhi mjukuu aifiche. Jana alinipigia akiwa dukani, sauti imepanda, na nyuma yake nikamsikia muuza duka akicheka. Alikuwa ameshika paketi ya aina mpya, amempa kijana mmoja amsomee maandishi madogo. "Hii wameandika mgawo ni gramu saba," alisema. "Na biskuti moja nimeihesabia, ni gramu tano. Hiyo moja na vipande naikatia wapi?"