Fundi, Geuza Hiyo Galoni

Jumamosi iliyopita fundi wangu wa Mombasa, ambaye mikono yake naiamini kuliko gereji nyingi zenye viyoyozi, alinitumia picha ya galoni ya oili ya lita nne iliyotoka Dubai, akaniuliza kama ailipie. Mbele palikuwa na simba wa dhahabu na maandishi makubwa ya 20W-50. "Kaka, hii ni nzito, inafaa joto letu," aliandika. Gari lililokuwa likisubiri lilikuwa Toyota Axio ya mwaka 2008, yenye injini ya 1NZ-FE. Nilimwomba anipigie picha ya upande wa nyuma, na hapo ndipo damu ilipochemka, kwa maana chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi, paliandikwa: API SF/CD.

Sikumkasirikia fundi, bali yule aliyejaza kontena.

Nianze na huo uzito, kwa sababu ndio unaouza oili kwetu. Nambari iliyo kabla ya herufi W hupimwa katika baridi; oili ya 20W hujaribiwa katika nyuzi 15 chini ya sifuri, hali ambayo Mombasa haitaiona, kwa hiyo sina ugomvi mkubwa nayo. Nambari ya pili, yaani 50, hueleza uzito wa oili ikiwa katika nyuzi 100. Sasa, joto hilo si la jua la Mombasa. Injini ikishapata moto, thamostati hulishika joto la maji yake karibu pale pale, gari liwe Mombasa au Sapporo, na kwa hiyo Mjapani aliyeiruhusu 5W-30 katika injini hiyo hakutusahau sisi watu wa pwani. Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba vipo vitabu vya magari ya nchi za joto vinavyoikubali 20W-50, na kwamba injini kuukuu inayokula oili huweza kutulia nayo. Lau tatizo lingekuwa uzito peke yake, ningenyamaza.

Tatizo ni zile herufi za nyuma, SF/CD. Katika mpangilio wa API, taasisi ya mafuta ya Marekani inayoweka viwango vya oili, S ni ya injini za petroli na C ni ya dizeli, na herufi inayofuata husonga mbele kwa alfabeti kadiri viwango vinavyopanda. Kwa petroli, kiwango kipya hufaa pia mahali pa kile cha zamani. SP, kwa mfano, ilianza mwaka 2020, na SN ilianza mwaka 2010. SF je? API yenyewe hutahadharisha kwamba SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1988, kwa kuwa huenda isizuie ipasavyo kujengeka kwa tope ndani ya injini. Gari la fundi wangu lilitoka kiwandani miaka 20 baadaye. Na ile CD ya dizeli, inayowekwa hapo kama nyongeza ya ukarimu, haifai kwa injini nyingi za dizeli zilizoundwa baada ya mwaka 1994. Huo ndio mzigo mpya unaotushukia bandarini!

Tope hilo si jambo dogo kwa injini ya VVT-i kama hiyo ya Axio, kwa sababu mfumo wake wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka husukumwa na oili hiyo hiyo, ikipita katika vali yenye chujio dogo la wavu. Wavu ukiziba, gari hutetema likiwa limesimama, huchelewa kuitikia mafuta, taa ya injini huwaka, na mashine ya kupimia huonyesha P0011, msimbo wa hitilafu katika mfumo huo. Nimemwona jirani akinunua sensa mbili kabla mtu hajafungua kifuniko cha kutilia oili, akamulika kwa tochi, na kukuta uji mweusi mzito kama lami. Sensa zilikuwa nzima.

Nilimwambia fundi atafute 5W-30 yenye SM, SN au SP, kisha aangalie kama nyuma kuna ule mhuri wa duara wa API wenye kiwango juu na uzito katikati. Mhuri huo hutolewa kwa leseni, na jina la bidhaa huweza kutafutwa katika orodha ya API mtandaoni. Maneno "inakidhi kiwango" bila mhuri ni ahadi ya mwenye kiwanda tu, ingawa sisemi kwamba kila aahidiye ni mwongo.

Akapata ya SN yenye mhuri, nikaikuta orodhani. Injini hiyo huchukua kiasi cha lita 3.7 pamoja na filta, hivyo galoni moja ilitosha. Alipoirudisha ile ya simba, muuzaji aliipangusa vumbi, akairejesha rafuni, na kumwambia kwamba asijali, kabla ya magharibi itakuwa imeondoka.