Fomu 34A isipojumlika, nani aruhusiwe kushika kalamu?

Nchini Kenya, kura za urais huhesabiwa kituoni, na afisa msimamizi huandika matokeo kwa mkono kwenye Fomu 34A. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700, kwa hiyo hesabu yenyewe si kubwa. Tatizo ni saa. Kazi hiyo huanza usiku, baada ya siku nzima ya kupiga kura, na baada ya sanduku la urais bado kuna mengine matano. Hapo ndipo 409 hugeuka 419.

Tuchukue fomu ya kubuni. Wagombea wanne wamepata 214, 187, 6 na 2. Jumla yao ni 409, lakini afisa ameandika kura halali 419. Kura zilizokataliwa ni 5, na kifaa cha KIEMS kinaonyesha watu 414 walitambuliwa kituoni siku hiyo. Ukijumlisha 409 na 5 unapata 414 kamili, yaani wagombea wanaafikiana na karatasi zilizokuwa sandukuni na kosa limekaa kwenye mstari wa jumla peke yake. Kosa hilo halimwongezei mtu kura, kwa sababu kinachonakiliwa kwenye Fomu 34B ya eneo bunge ni kura za kila mgombea.

Sasa geuza. Jumla imeandikwa 409, lakini mgombea wa kwanza ana 224. Fomu inatofautiana kwa kumi zile zile, ila safari hii kumi hizo zimekaa kwa mtu, na zitasafiri naye hadi Nairobi. Anayetazama fomu na kuona tu kwamba haijumlishi hawezi kuzitenganisha hali hizi mbili. Ni idadi ya karatasi inayozitenganisha.

Je, kosa kama hilo lisahihishwe likifika eneo bunge? Wanaosema ndiyo wana hoja. Kosa la kujumlisha linaonekana kwa macho, mawakala wapo, na kuliacha ni kupeleka mbele takwimu ambayo kila mtu ukumbini anajua si sahihi. Isitoshe, fomu yenye dosari iliyoachwa hivyo hivyo huwa chambo cha uvumi kwa wiki nzima.

Wanaopinga wanakumbuka 2007. Tume ya Kriegler ilipochunguza uchaguzi ule ilikuta ujumlishaji na unakili umevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua matokeo halisi. Kalamu inayosahihisha kosa la kweli huko juu ndiyo hiyo hiyo inayoweza kutengeneza la uongo. Ndiyo maana Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufaa ilishikilia kwamba matokeo yaliyotangazwa chini ni ya mwisho. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Juu ikaeleza kwamba tofauti ikionekana, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi aiweke wazi na kuiachia mahakama ya uchaguzi, asiibadilishe.

Mimi niko upande huu wa pili, kwa sharti kwamba kosa linaandikwa kando na kuonekana. Mahali pa kusahihisha ni kituoni, kabla ya sahihi, karatasi zikiwa bado mezani. Kanuni zinamruhusu wakala kudai kura zihesabiwe upya, mradi isizidi mara mbili. Na kuna mpaka ambao hata eneo bunge halipuuzi: kura halali zikizidi waliosajiliwa, au kura zikizidi waliojitokeza, matokeo ya kituo hicho huwekwa kando. Upungufu wa kura mbili tatu haunishtui. Mtu huweza kutumbukiza karatasi ya rais kwenye sanduku la gavana, au kuondoka nayo mfukoni. Ziada ndiyo inayodai maelezo.

Lakini si kila tofauti ni kosa. Mwaka 2022 asilimia za wagombea wanne wa urais zilikuwa 50.49, 48.85, 0.44 na 0.23, jumla 100.01. Makamishna wanne wa tume walisema ile 0.01 ni sawa na takriban kura 142,000. Kwa kura halali milioni 14.2, asilimia 0.01 ni kura kama 1,420 tu, na hata hizo hazikuwepo: ziada ilitokana na kukadiria desimali.

Na kuna kosa ambalo ulinganifu huu hauligusi kabisa. Rudi kwenye fomu yetu, mbadilishie wa kwanza 187 na wa pili 214. Jumla inabaki 409, karatasi 414, kila kitu kinakubaliana, na mshindi wa kituo amegeuka. Hapo kikokotoo hakina la kusema. Itabidi mtu achukue nakala ya wakala na ile iliyobandikwa mlangoni pa kituo, azisome mstari kwa mstari pamoja na picha iliyotumwa na KIEMS. Na kama afisa alikosea kabla ya nakala kutolewa, zote zitasema uongo ule ule mpaka sanduku lifunguliwe.