Kabla ya Tempo, Anza na Vipande

Jumanne alfajiri kundi letu la mbio huwa na tempo, yaani kukimbia kwa kasi moja ya juu bila kusimama. Tunakutana saa 11 na nusu pale Coco Beach, tunapasha miili kwa kilomita mbili za polepole, kisha mmoja anasema, "Haya jamani, dakika 20," na watu wanachomoka kana kwamba kuna medali mwisho wa barabara. Ikifika dakika ya 8 hakuna anayeongea, na pumzi zinasikika kutoka ng'ambo ya barabara. Ikifika dakika ya 14 wengine wameanza kutembea, na waliobaki wanakimbia taratibu kuliko walivyoanza. Mwaka mzima nilikimbia hivyo, na mwaka mzima muda wangu wa kilomita 10 haukusogea.

Siku hizi nina msimamo tofauti na nautetea mbele ya yeyote: kwa mkimbiaji wa kawaida, mwenye kazi na familia na siku nne za mazoezi kwa wiki, intavo za kizingiti, yaani vipande vya mbio vyenye mapumziko mafupi katikati, zitangulie. Tempo ni zoezi zuri sana, lakini lina kazi yake maalumu, na kazi hiyo hufuata baadaye.

Nianze na hicho kizingiti. Misuli hutengeneza lakteti, kemikali inayotokana na kuvunjwa kwa sukari, muda wote, hata ukiwa umekaa unakunywa chai. Ukikimbia polepole, inayotengenezwa hutumiwa papo hapo. Ukizidi kuongeza kasi unafika mahali ambapo inayoingia kwenye damu na inayoondolewa zinalingana kwa shida; ukipita hapo, inaanza kulimbikizana na haisimami mpaka upunguze mwendo. Hapo ndipo kwenye kizingiti. Kwa wengi wetu ni ile kasi ambayo siku ya mashindano ungeweza kuishikilia kwa takriban saa moja.

Lakteti imesingiziwa mengi. Maumivu ya mapaja ya kesho yake hayatokani nayo, maana ndani ya saa moja hivi baada ya mazoezi imeshaondoka. Tena ni chakula. Moyo unaichoma, na nyuzi za misuli za mwendo wa taratibu zinaichoma pia, jambo ambalo mwanasayansi George Brooks wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, amelieleza tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo unapofanya mazoezi ya kizingiti unaufundisha mwili kuihamisha haraka kutoka kwenye nyuzi zinazoitengeneza kwenda kwenye nyuzi zinazoitumia, na kuongeza mitokondria, yaani yale majiko madogo ndani ya seli ambako mafuta na sukari huchomwa kwa oksijeni. Mabadiliko hayo yanahitaji muda mwingi ukiwa karibu na kizingiti bila kukivuka. Ukikivuka zoezi linabadilika, na uchovu wake ni mkubwa kuliko faida uliyoifuata.

Hapo ndipo vipande vinapoishinda tempo. Chukua kasi ileile ya kizingiti, uikate vipande vya dakika tano au sita, na katikati upumzike dakika moja tu. Dakika moja haimpumzishi mtu kikweli. Mimi mapigo yangu ya moyo hushuka kutoka 168 hadi 135 hivi, halafu naanza tena. Lakini ndani ya dakika hiyo akiba ya haraka ya nguvu iliyomo kwenye misuli inarudi kwa sehemu kubwa, na lakteti kidogo iliyozidi inapata nafasi ya kutoka na kutumiwa. Pumzi zinatulia. Unaanza kipande kinachofuata ukiwa karibu na pale ulipoanza kile cha kwanza. Matokeo yake, mtu ambaye tempo ya dakika 20 inammaliza anaweza kukusanya dakika 30 za kasi ileile, akaenda kazini akiwa mzima.

Urefu wa mapumziko una maana kubwa. Ukianza kukimbia, mwili huchukua kama dakika mbili kufikisha oksijeni kwa kiwango kinachotakiwa. Ukipumzika dakika moja, mitambo bado ina joto na oksijeni inapanda haraka. Ukipumzika dakika tatu unaanza karibu upya kila mara, na sehemu kubwa ya kipande inaishia kwenye kupanda tu. Hatari kubwa zaidi ni kwamba dakika tatu zinakupa ujasiri wa kukimbia kasi kuliko inavyotakiwa, na bila kujua unafanya intavo za aina nyingine kabisa.

Wanorwe wameujenga mfumo wao juu ya jambo hili. Marius Bakken, daktari na mkimbiaji wa mita 5,000, alikuwa miongoni mwa walioanza kutoboa kidole au sikio na kupima lakteti katikati ya mazoezi, wakahakikisha haipandi sana, na wakarundika vipande vingi vyenye mapumziko mafupi. Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 kule Tokyo, amekulia kwenye mazoezi ya namna hiyo, mara nyingine asubuhi na jioni siku ileile. Sisi hatuna vipimo hivyo wala hatuna haja ya kufanya mara mbili kwa siku. Ninachochukua kwao ni nidhamu ya kujizuia.

Sasa tempo. Kuna kitu vipande haviwezi kukupa, na hapa wanaoitetea tempo wako sahihi. Ukikimbia bila kusimama, kuanzia dakika ya 10 au ya 15 mwili unabadilika ingawa kasi ni ileile. Nyuzi za mwendo wa taratibu zinaanza kuchoka na kupungukiwa glaikojeni, ile sukari iliyohifadhiwa ndani ya msuli, na ubongo unaita nyuzi nyingine, zile za kasi, zije kusaidia. Hizo kwa asili si hodari wa kutumia oksijeni. Zikilazimishwa kufanya kazi muda mrefu kwa kasi hii ndipo zinapojifunza. Wakati huohuo joto la mwili linapanda, damu nyingi inakwenda kwenye ngozi kupoza, na mapigo ya moyo yanazidi kupanda polepole. Ile dakika ya mapumziko kwenye vipande huvuruga mlolongo huu kila unapoanza kukolea. Kwenye mashindano dakika hiyo haipo. Ndiyo maana mtu aliyezoea vipande peke yake hushangaa kilomita ya 8 inavyokuwa ngeni kwake.

Kwa maoni yangu basi, vipande vinakisogeza kizingiti juu, na tempo inakufundisha kukaa pale kizingitini mwili unapobadilika. Ukianza na tempo wakati kizingiti chako bado kiko chini, utakaa hapo kwa dakika tano tu na zilizobaki utakuwa umeshavuka.

Nitoe mfano wa dada mmoja wa kundi letu aliyekuwa anajiandaa na nusu marathoni. Kilomita 10 alikuwa anakimbia kwa dakika 50, yaani dakika 5 kwa kilomita. Kwa muda huo kizingiti chake ni kama dakika 5 na sekunde 6 kwa kilomita. Tofauti na kasi yake ya mashindano ni sekunde sita tu, na sekunde sita ni rahisi sana kuzila bila kujua. Uwanjani, mzunguko wa mita 400 unamtaka dakika 2 na sekunde 2.

Tulitumia Daraja la Tanzanite, kwa sababu urefu wake ni takriban kilomita moja na hakuna makutano. Wiki mbili za kwanza alivuka mara nne, kila mara dakika moja ya kutembea mwishoni. Wiki mbili zilizofuata mara tano, kisha mara sita. Tatizo la kwanza lilijitokeza siku ya kwanza kabisa: upepo wa baharini. Upande mmoja anapelekwa na upepo anafika kwa dakika 4 na sekunde 55, akirudi anapigana nao na bado anataka kulazimisha 5:06. Nikamwambia, "Dada, funika saa, sikiliza pumzi." Kwenye kizingiti unapaswa kuweza kusema maneno manne au matano kwa pamoja kabla ya kuhema. Ukiweza kusimulia hadithi, uko chini. Ukibaki na neno moja moja, umepita. Upande wa upepo alirudi kwa 5:18, na ilikuwa sawa kabisa.

Wiki ya saba tukaanza kuunganisha: vipande vitatu vya dakika 10 na mapumziko ya dakika mbili. Wiki ya nane ndipo akakimbia tempo ya kwanza, dakika 20 mfululizo. Kilomita ya mwisho haikuwa taratibu kuliko ya kwanza. Kisha kwa kuwa nusu marathoni ingemchukua saa 1 na dakika 50 hivi, yaani polepole kidogo kuliko kizingiti, tempo mbili za mwisho tukazirefusha hadi dakika 35 kwa dakika 5 na sekunde 15 hadi 20 kwa kilomita. Hizo ndizo zilizomfaa zaidi miguuni, ila angezifanya wiki ya kwanza zingemvunja.

Joto nalo lina neno lake. Dar es Salaam mwezi wa pili, hata alfajiri, hewa ni nzito na jasho halikauki. Siku kama hiyo 5:06 si kasi ya kizingiti tena, imekuwa ya juu yake, na tempo ndiyo inayoumia zaidi kwa sababu haina mahali pa kupoa. Mimi siku hizo naacha tempo, nafanya vipande, natembea kwenye dakika yangu nikimwagia shingo maji. Mwenye kifaa cha kupima mapigo ajiwekee mpaka wa takriban asilimia 88 hadi 92 ya mapigo yake ya juu kabisa. Kwa mwenye kilele cha 185 ni kama 163 hadi 170. Ukiona umevuka 170 kwenye kipande cha pili, punguza hapohapo.

Dalili nyingine naziangalia mwishoni. Kipande cha mwisho kikiwa taratibu kuliko cha kwanza, ulianza kwa pupa. Dakika moja ikiwa haitoshi na unatamani ya pili, ulianza kwa pupa. Miguu ikiwa mizito mpaka Alhamisi, vivyo hivyo. Unapaswa kumaliza ukihisi kwamba kimoja zaidi kingewezekana, na usikifanye.

Jumanne iliyopita tulikuwa saba darajani. Kijana mpya, mwenye miguu mizuri kweli, alituacha kwenye kipande cha kwanza kwa mita mia moja. Cha pili, mita hamsini. Cha nne tulikuwa naye bega kwa bega, na cha tano alisimama kwenye reli za daraja akitazama bahari. Nilimwendea nikamwambia arudi wiki ijayo, aje akimbie nyuma yangu, vinne tu.