Lupu iliyokunjuliwa na matriksi iliyokatwa vitalu: saa inathibitisha nini?

Katika maabara ya kuharakisha programu, ubishi ni uleule. Kuna wanaosema mwanafunzi akunjue lupu, yaani aandike duru kadhaa ndani ya moja, na kukata matriksi vitalu, yaani vipande vidogo vinavyoshughulikiwa kimoja kimoja, kwa mkono wake, maana bila hivyo hataijua mashine. Wengine wanasema hiyo ni kazi ya kompaila, na msimbo uliokunjuliwa kwa mkono huwa mrefu, mgumu kusomeka na mara nyingi hauna tija. Nimewahi kusimama pande zote mbili. Siku hizi naona tatizo ni kwamba mbinu mbili za maradhi tofauti zinahukumiwa pamoja. Kukunjua lupu hutibu prosesa inayosubiri hesabu zake yenyewe. Kukata vitalu hutibu prosesa inayosubiri kumbukumbu. Na saa, hata ikihesabu nanosekunde, haikwambii mgonjwa wako ana ugonjwa gani.

Tuanze na kukunjua, kwa mfano mdogo kabisa: kujumlisha namba za desimali, aina ya `double`.

```c
for (i = 0; i < n; i++)
    s += a[i];
```

Kila duru inahitaji `s` ya duru iliyotangulia. Kwenye prosesa za Intel za kizazi cha Skylake, kujumlisha namba ya desimali huchukua mapigo 4 ya saa ya prosesa mpaka jibu liwe tayari, ingawa mashine hiyohiyo inaweza kuanzisha jumla 2 katika kila pigo. Kwa hiyo lupu hii inatembea kwa mapigo 4 kwa kila namba huku sehemu kubwa ya mashine ikikaa bure. Wengi hudhani kinachochelewesha ni ule ukaguzi wa `i < n`. Ukaguzi huo hufanyika pembeni wakati jumla bado inaiva, kwa hiyo hapa gharama yake ni ndogo mno.

Ndiyo maana kuikunjua lupu kwa kuandika `s = s + a[i] + a[i+1]` hakusaidii kitu. Msimbo umerefuka, lakini mnyororo wa kila jumla kuisubiri iliyotangulia uko palepale. Kinachosaidia ni kuwa na vikusanyio kadhaa visivyotegemeana:

```c
for (i = 0; i + 3 < n; i += 4) {
    s0 += a[i];   s1 += a[i+1];
    s2 += a[i+2]; s3 += a[i+3];
}
for (; i < n; i++) s0 += a[i];
s = (s0 + s1) + (s2 + s3);
```

Sasa kuna minyororo 4 inayokwenda sambamba, na kwa hesabu kila namba inachukua pigo 1 badala ya 4. Tuseme safu ina namba 2,048, yaani KiB 16, nayo inaenea ndani ya kache ya kwanza, kumbukumbu ndogo ya kasi iliyo karibu zaidi na prosesa, yenye KiB 32. Prosesa ikienda GHz 3, lupu ya mwanzo itachukua kama mikrosekunde 2.7, na iliyokunjuliwa kama 0.7. Kasi imepanda karibu mara 4, na unaweza kueleza kila sehemu ya ongezeko hilo. (Lile lupu dogo la mwishoni la kumalizia mabaki lisisahaulike. Safu za majaribio huwa na urefu unaogawanyika kwa 4, kwa hiyo kosa hilo hujificha hadi mtu alete safu ya namba 2,047.)

Hapa ndipo hoja ya "mwachie kompaila" inapokwama. Jumla za desimali hubadilika kidogo mpangilio ukibadilika, kwa sababu kila hatua hukatwa tarakimu za mwisho. Bila ruhusa yako, kompaila ya GCC haitavunja mnyororo huo, hata kwa `-O3`, kiwango cha juu cha kuharakisha msimbo. Unaweza kuiruhusu kwa `-ffast-math`, lakini ruhusa hiyo ni pana mno: kompaila itachukulia pia kwamba hakuna NaN, yaani thamani isiyo namba, kwenye data yako, na ukaguzi wa `isnan` ulioandika kwa uangalifu unaweza kufutwa. Kukunjua kwa mkono kunabadilisha mpangilio mahali pamoja tu, na msomaji anaona ulipobadilika. Gharama ni kwamba jibu halitafanana na la mwanzo hadi tarakimu ya mwisho, kwa hiyo anayesahihisha zoezi kwa `==` atampa sifuri mtu asiye na kosa.

Badilisha `double` iwe `int`, hoja inageuka. Kujumlisha namba kamili hakujali mpangilio, hivyo kompaila yenyewe inaweza kuzipanga nyingi katika rejista moja pana na kuzijumlisha kwa mkupuo. Ukiwa umekwisha kuikunjua kwa mkono, huenda ukamvuruga. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekunjua lupu ya `int` na mwingine aliyekunjua ya `double` wanaweza kurudi na majibu yanayopingana, na wote wakawa wakweli.

Sasa saa. Kwenye Linux wengi hutumia `clock_gettime` na `CLOCK_MONOTONIC`, na ni chaguo zuri: hairukiruki mtu akirekebisha saa ya kompyuta, kama `CLOCK_REALTIME` inavyoweza. Lakini kuiita tu huchukua makumi ya nanosekunde. Ukipima kazi ya mikrosekunde 0.7 mara moja, sehemu inayoonekana ya namba yako ni saa inayojipima yenyewe. Rudia kazi mara elfu moja kati ya kuanza na kusimama, ugawanye. Na tumia jibu mahali fulani, hata kwa kulichapisha, la sivyo kompaila itaona hakuna anayelihitaji na kuifuta lupu nzima. Ripoti yenye nanosekunde chache kwa namba milioni moja ni ya lupu ambayo haikuwahi kukimbia.

Kosa kubwa zaidi halihusiani na saa kabisa. Ni kigezo cha kuanzia. Mtu anapima lupu ya kwanza ikiwa imejengwa kwa `-O0`, yaani bila kuharakishwa, kisha ya pili kwa `-O2`, na kugawanya. Amejihesabia kazi ya kompaila kama yake. Toleo zote mbili zijengwe kwa amri moja, na mimi ningedai ziwe `-O2` angalau, maana kwa `-O0` kila kigeugeu huandikwa kwenye kumbukumbu na kusomwa tena katika kila duru, hali ambayo hakuna programu ya kazi inayoachwa nayo.

Turudi kwenye jumla, safari hii safu iwe na namba milioni 10, MB 80. Kwa mapigo 4 kila moja, GHz 3, lupu ya kwanza inahitaji milisekunde 13 hivi. Minyororo 4 ingetaka 3.3. Lakini tuseme kumbukumbu kuu inampa kiini kimoja GB 12 kwa sekunde: kuleta MB 80 peke yake ni milisekunde 6.7. Ongezeko linaishia mara 2, hata ukikunjua mara 8 au 16. Na kukata vitalu hakutakuokoa, kwa sababu kila namba inatumika mara moja tu na kuachwa. Vitalu vina maana pale kitu kilekile kinaporudiwa.

Kuzidisha matriksi ndiko kunakorudia. Chukua mbili za 1024 kwa 1024, za `double`, kila moja MiB 8. Kwa lupu za kawaida za i, j, k, ndani kabisa unashuka safu wima ya matriksi ya pili. Kache huleta data kwa vifurushi vya baiti 64, yaani namba 8, na wewe unatumia moja kisha unaruka mstari mzima. Kwenye kache ya kwanza unakosa takriban mara 1.125 kwa kila kuzidisha: 1 kwa safu wima na 1/8 kwa mstari. Zidisha hizo ni zaidi ya bilioni moja. Ukibadilisha tu mpangilio uwe i, k, j, unapita kwenye mistari peke yake na kukosa kunashuka hadi 0.25. Hujakata kitalu chochote bado. Mtu anayelinganisha vitalu vyake na i, j, k bila kujaribu i, k, j anavipa vitalu sifa ya jirani yake.

Kwa vitalu, kanuni ya kawaida ni kwamba vipande vitatu vienee kwenye kache. Vitalu vya 32 kwa 32 ni KiB 8 kila kimoja, vitatu ni 24, vinaenea kwenye 32. Kwa hesabu kukosa kunashuka hadi kama 1/128 kwa kila kuzidisha, mara 144 pungufu ya mwanzo. Usitarajie saa ionyeshe 144: data nyingi iliyokosekana kwenye kache ya kwanza ilikuwa inapatikana kwenye ya pili au ya tatu, na prosesa hukisia mistari inayofuata na kuileta mapema. Dhidi ya i, k, j tofauti inaweza kuwa ndogo kiasi cha kumvunja mtu moyo.

Inaweza hata kuwa hasi, na sababu yake ndiyo naipenda kuliko zote. Kache ya KiB 32 yenye njia 8, yaani kila chumba kina nafasi ya vifurushi 8, ina vyumba 64, na anwani zinazopishana kwa baiti 4096 huangukia chumba kimoja. Mstari wa matriksi yetu ni baiti 8192. Kwa hiyo mistari yote 32 ya kitalu inang'ang'ania vyumba 4 vilevile, ambavyo vina nafasi ya vifurushi 32, huku kitalu kikihitaji 128. KiB 8 zinabanwa kwenye nafasi ya KiB 2, na kache iliyobaki iko tupu. Dalili yake ni rahisi kuiona: jaribu 1000 badala ya 1024. Kama kazi ndogo kidogo inakuwa nyepesi kupita kiasi, ni hilo. Ukiwa na ruhusa ya `perf`, chombo cha Linux cha kuhesabu matukio ndani ya prosesa, hesabu kukosa kwenyewe:

```
perf stat -e L1-dcache-load-misses ./zidisha
```

Dawa ni kuiongezea kila mstari namba 8 zisizotumika, uwe 1032. Hapo mstari ni vifurushi 129, kila mstari unasogea chumba kimoja, na kitalu kinatawanyika.

Kwa vitalu, basi, nasimama na wanaoandika kwa mkono. Kompaila za kawaida hazivikati zenyewe kwa amri tunazozoea, na maktaba kama OpenBLAS zina kasi kwa sababu kuna watu walioketi kuchagua ukubwa wa vitalu na kukunjua lupu ya ndani kwa kila aina ya prosesa. Kwa kukunjua, namdai mwanafunzi anionyeshe mnyororo kwanza. Asipouona, aache `-O3` ifanye kazi.

Linabaki swali la namba ipi iandikwe. Mazoea ni kuchukua muda mdogo kabisa kati ya marudio, kwa hoja kwamba kelele za mfumo huongeza muda tu. Kwa kulinganisha lupu mbili nakubali. Ila marudio ya pili na kuendelea hukuta data imeshakaa kwenye kache, na programu itakayoiita kazi hiyo mara moja kwa saa haitakuta hivyo. Katika ripoti ningeweka namba mbili: ya mzunguko wa kwanza, kurasa za kumbukumbu zikiwa zimeguswa tayari lakini kache ikiwa imejazwa vitu vingine, na ile ndogo kabisa ya marudio.