Weiji: hatari, fursa, na herufi iliyobebeshwa mzigo

"Kwa Kichina, neno mgogoro huandikwa kwa herufi mbili: ya kwanza maana yake hatari, ya pili fursa." Kauli hii imezunguka dunia nzima. Utaikuta kwenye semina za ujasiriamali, kwenye mahubiri, kwenye hotuba za wakuu wa kampuni kila uchumi unapoyumba. Neno lenyewe ni weiji, 危机. Wanaoipenda kauli hii huiona kama hekima ya kale ya Mashariki. Wanaoipinga, wakiwemo wataalamu wa Kichina, husema ni uzushi mtupu. Kwa maoni yangu wapinzani wako sahihi katika jambo kubwa, ila wametia chumvi katika jambo dogo, na hilo dogo ndilo linalofanya ubishi huu usiishe.

Kwanza, kauli yenyewe imetoka wapi? Aliyeieneza kuliko wote ni John F. Kennedy. Tarehe 12 Aprili 1959, akiwa bado seneta, aliitumia katika hotuba mjini Indianapolis, kisha akairudia katika kampeni zake za urais mwaka 1960. Wanasiasa wa Marekani wakaipokea, wakapokezana. Al Gore aliisema Oslo mwezi Desemba 2007 alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani. Lakini Kennedy hakuibuni. Mtafiti wa lugha Benjamin Zimmer aliifuatilia nyuma hadi Januari 1938, kwenye jarida la Kiingereza la wamisionari waliokuwa China. Tarehe hiyo inaeleza mengi. Vita vya Japani dhidi ya China vilikuwa na miezi michache tu, na Nanjing ilikuwa imeanguka mwezi uliotangulia. Mtu anayewaandikia wamisionari wenzake katika hali ile alihitaji tumaini, akaliona ndani ya herufi. Hekima hii ya kale ya Mashariki, basi, katika maandishi ya Kiingereza haijatimiza hata karne moja.

Tuje kwenye herufi. Juu ya wei hakuna ugomvi: ni hatari, ni hali ya kuwa ukingoni. Ugomvi wote uko kwenye ji.

Ji ilianza kama kitu cha kushika mkononi. Karibu mwaka 100 baada ya Kristo, Xu Shen alikamilisha kamusi ya kale ya herufi za Kichina, na humo aliieleza ji kwa maneno machache: kile kinachotawala mfyatuko. Mfano wake ulio wazi ni upinde wa mtambo uliotumiwa na majeshi ya China ya kale. Kamba imevutwa, mshale umekaa tayari, na kipande kidogo cha shaba kinauzuia usiondoke. Kipande hicho ndicho ji. Kiswahili tunalo neno lililopita njia hiyohiyo. Mtambo wa bunduki na mtambo wa mtego ni kile kinachofyatuka, na leo mtambo ni mashine yoyote, hata ile ya kuzalisha umeme.

Kutoka kwenye mtambo huo maana ziligawanyika njia mbili. Njia moja ilikwenda kwenye mashine: feiji ni ndege ya abiria, yaani mashine inayoruka, na shouji ni simu ya mkononi, shou ikiwa mkono. Njia ya pili ilikwenda kwenye wakati. Kabla ya kufyatua hakuna kilichotokea, na baada ya kufyatua mshale haurudi. Hapo katikati pana nukta ambapo jambo linageuka. Ji ikawa nukta hiyo. Ikiungana na hui, inayobeba maana ya kukutana, hupata jihui, na hilo ndilo neno la kawaida la fursa.

Victor Mair, profesa wa Kichina katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, ndiye mpinzani maarufu wa kauli hii, na hoja yake inasimama hapo. Ji iliyomo ndani ya weiji ni ile ya nukta ya mgeuko. Ukiijumlisha na wei unapata nukta ya hatari, wakati ambapo mambo yanaanza kwenda mrama. Kuichukua maana ya jihui na kuipachika kwenye weiji, kwa sababu tu maneno hayo mawili yana herufi moja ya pamoja, ni sawa na mgeni anayekipasua Kiswahili chetu na kutangaza kwamba mwanasheria ni "mtoto" na "sheria", kwa hiyo Waswahili wanaamini mawakili wana akili za kitoto. Na kama herufi moja inatosha, simu ya mkononi nayo ingekuwa mkono na fursa.

Asili ya neno, hata hivyo, si hakimu wa mwisho. Maneno huhama. Huenda weiji ilianza kama mtambo wa hatari lakini Mchina wa leo akawa anasikia fursa ndani yake. Kulijua hilo hatuhitaji kamusi ya mwaka 100. Tunahitaji kuangalia neno linavyotumika.

Mwaka 2008 jina lililokuwa kwenye kila gazeti la China lilikuwa jinrong weiji, msukosuko wa fedha. Viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, hasa vya mkoa wa Guangdong, vilifungwa kwa sababu wanunuzi wa Marekani na Ulaya walikuwa wamenyamaza. Mapema mwaka 2009 serikali ilikadiria kwamba wafanyakazi wapatao milioni 20 waliotoka vijijini walikuwa wamepoteza kazi mijini. Watu hawa walilitaja weiji kama sisi tunavyotaja janga. Vilevile wako watu wanaosema weiji sifu, weiji zimejificha pande zote nne. Msemo huo ni onyo la kukutia baridi mgongoni, na kama ji ingekuwa fursa ungekuwa habari njema. Wakubwa wa kazi huwataka walio chini yao wawe na weijigan, hisia ya weiji. Wanachotaka ni watu wasibweteke, wajue kwamba mambo yanaweza kuharibika kesho.

Ushahidi wa zamani unasema vilevile. Katika historia ya nasaba ya Jin kuna jemadari aitwaye Zhuge Changmin, aliyeuawa mwaka 413 katika mapambano ya kuwania madaraka. Kabla ya mwisho wake alilalama kwamba mtu akiwa maskini huwaza utajiri na cheo, na akishavipata, lazima akanyage weiji. Kitenzi alichotumia ni kile cha kukanyaga kwa mguu. Mtu anakanyaga mtego, unafyatuka. Mtambo wa upinde bado umo ndani ya neno, miaka mia tatu baada ya Xu Shen.

Kufikia hapa ningeweza kufunga kesi, kama wengi wanavyoifunga. Tatizo ni kwamba wapinzani wakishashinda hapa huongeza hatua moja: husema ji yenyewe haina maana ya fursa mpaka iungane na hui. Hapo wanateleza. Kuna msemo ambao Wachina wengi wanaujua, ji bu ke shi, fursa haifai kupotezwa, na humo ji imesimama peke yake bila hui. Shangji ni fursa ya biashara. Liangji ni fursa nzuri. Chengji ni kuchukua nafasi iliyojitokeza. Maana ya fursa ni moja ya maana halali za ji, na aliyeandika mwaka 1938 hakuichota hewani. Alichokosea ni kuichagua maana hiyo kwa neno ambalo halikuichagua.

Na kuna jambo zito zaidi upande huo wa pili. Wachina wenyewe hucheza mchezo huu. Mkutano mkuu wa uchumi wa chama tawala, Desemba 2018, ulisema kwamba katika mabadiliko makubwa ya dunia, wei na ji huzaliwa pamoja na kuishi pamoja. Xi Jinping alilirudia wazo hilo mwaka 2020 alipotembelea mkoa wa Zhejiang, korona ikiwa imetikisa dunia: wei na ji huambatana siku zote, ukiishinda wei hiyo ndiyo ji. Maneno wei zhong you ji, ndani ya wei kuna ji, yamekuwa ya kawaida kwenye hotuba na vichwa vya habari. Mtu atauliza kwa haki: kama rais wa China analigawa neno hivyo, profesa wa Pennsylvania ana kinyongo gani?

Angalia lakini namna wanavyoligawa. Xi hakusema weiji ni fursa. Ilibidi alikate neno, aweke "na" katikati, wei na ji, ndipo ji ipate kupumua na kusikika kama fursa. Msemo wa wei zhong you ji nao umezitenganisha herufi kwa maneno mawili. Ni ufundi wa mneni, na msikilizaji anaufurahia kwa sababu anajua neno zima halina maana hiyo. Lingekuwa nayo, hotuba isingekuwa na ladha yoyote.

Kuna kipimo kingine kinachonishawishi kuliko vyote. Wachina wanapotaka kusema kwamba balaa limegeuka kuwa heri, wana neno lake: zhuanji, mgeuko kuelekea uzuri. Husema geuza weiji iwe zhuanji. Sentensi hiyo ingekuwa upuuzi kama fursa ingekuwa tayari imo ndani ya weiji. Huwezi kugeuza kitu kiwe kile ambacho tayari ni nusu yake. Heri inatoka nje ya neno, na inatafutwa kwa jasho. Xi mwenyewe aliweka sharti la kuishinda wei kwanza.

Hapo ndipo toleo la semina linapodhuru. Linamwambia aliyefungiwa duka au kiwanda kwamba fursa imeshaandikwa ndani ya msiba wake, kwa hiyo asipoiona kosa ni lake. Weiji ya kila siku inamwambia kinyume chake: tahadhari, unakanyaga mahali pabaya. Mshauri wa uwekezaji anayesimamisha ushauri wake juu ya tafsiri ya kwanza amebadilisha onyo likawa mwaliko.

Atakayependa bado kuitumia kauli hii jukwaani ana njia ya kweli ya kufanya hivyo. Aseme kwamba Wachina wana mchezo wa maneno, wei zhong you ji, ambao viongozi wao waliupenda sana korona ilipoingia. Aseme pia kwamba kuupata mchezo huo hulazimika kulivunja neno weiji, kwa sababu likiwa zima, hofu tupu ndiyo inayosikika.